Uso wa Mtu Mmoja, Kiwiliwili cha Mwingine



Ahsanteni kwa kufunga safari kutoka Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe hadi hapa Kampala. Nimeombwa nizungumzie picha za kughushi, nami nitajifunga katika aina moja tu: picha ambayo yote ni ya kweli isipokuwa uso.

Hufanywa hivi. Mghushi huchukua picha halisi, huzungushia uso mstari, kisha huiagiza programu ya akili unde ichore upya sehemu iliyo ndani ya mstari huo peke yake, kwa kuifuata sura ya mtu mwingine. Programu hutazama ngozi ya shingo na mwanga ulio pembeni, ikalinganisha rangi, na ukingo hufifishwa ili mshono usionekane. Nguo, mikono, barabara na namba ya gari hubaki kama zilivyopigwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Picha inasambazwa kijijini: mwanamume amesimama kando ya pikipiki iliyoibwa, na uso ni wa muuza nafaka mnayemfahamu. Watu wenye busara huichunguza. Mahali ni pa kweli, pikipiki ni ile ile, namba yake ni sahihi, hata matope yanalingana na mvua ya juma lile. Basi wanakata shauri kwamba picha ni ya kweli, na vijana wanaanza kuokota mawe. Hapo ndipo penye mtego. Yote waliyoyahakikisha yalikuwa nje ya mstari, na hakuna hata moja lililoshuhudia chochote juu ya uso.

Sasa tuitazame picha hiyo hiyo kwa utaratibu. Kule kuacha sehemu nyingine bila kuguswa ndiko kunakomfichua mghushi. Kioo cha pembeni cha pikipiki kimenasa ubavu wa kichwa cha yule mtu, na humo kuna ndevu, ilhali uso uliochorwa hauna ndevu. Masikio yaliachwa nje ya mstari, kwa hiyo ni ya mwenye kiwiliwili. Yalinganisheni na ya muuza nafaka. Kivuli cha kofia kinaangukia bega la kushoto, lakini puani kinaelekea kulia. Tazameni pia pale ukanda wa kofia unapopita kidevuni: mara nyingi hukatika au huyeyukia ngozini.

Mtaalamu wetu huenda mbali zaidi. Kila kamera huacha chembechembe ndogo katika picha nzima, nazo zina mpangilio wa pekee kwa kamera hiyo, mithili ya alama za vidole. Simu iliyopiga picha ikipatikana, hupigwa nayo picha nyingine kadhaa ili mpangilio huo ujulikane, kisha hutafutwa katika picha yenye shaka. Ukionekana kote isipokuwa usoni, uso huo haukutoka katika kamera hiyo. Na picha ya asili ikipatikana, kazi huwa nyepesi: zote mbili hulinganishwa ukubwa, moja hulazwa juu ya nyingine, na palipofanana huwa peusi. Kinachobaki kiking'aa ni umbo la yai mahali pa uso.

Nisiwadanganye kwamba njia hizi hazishindwi. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa, nazo zile chembechembe hufifia. Uso ukiwa mdogo sana, hapabaki cha kupima. Tena simu nyingi siku hizi hulainisha ngozi zenyewe mtu anapojipiga, hivyo ulaini wa uso peke yake si ushahidi wa kughushi. Nimeona watu wakiutegemea mno.

Kwa sababu hiyo, picha ya namna hii ikiwafikia, msiipige picha ya skrini mkaifuta ile ya kwanza. Ihifadhini ilivyo, na muulizeni aliyewatumia aliipata kwa nani, kisha huyo naye aulizwe, hadi simu ya kwanza ijulikane. Mwenye simu hiyo aombwe aitume kama faili, kwa kuchagua `Document`, ili isibanwe tena, au aende na simu yenyewe kituoni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 humtwika anayeleta kumbukumbu ya kielektroniki mahakamani mzigo wa kuthibitisha kwamba ni halisi. Muuza nafaka hadaiwi kuthibitisha kwamba uso ule si wake. Na wakati picha inachunguzwa, mwenyekiti amfikishe mtu huyo kituoni kwa usalama wake, kabla giza halijaingia.