Mshahara na Mradi: Hesabu ya Kuku 200

Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi wa TANU na wa serikali kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Nako Kenya, mwaka 1971, Tume ya Ndegwa ikaelekea upande mwingine, ikawafungulia watumishi wa serikali mlango wa biashara. Miaka ya themanini ilipofika, na mshahara wa Tanzania ukapungua thamani hata usiweze kulisha nyumba, wafanyakazi wengi walianza kufuga uani ili wapate kuishi, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likawalegezea viongozi masharti yale ya awali. Tangu hapo ruhusa imekuwapo kwa wengi, lakini swali halikuondoka: mtu aliyekwisha kuuza saa zake za mchana kwa mwajiri atatafutaje riziki ya pili bila ya kuihini amana ya kwanza?

Kwa maoni yangu, jawabu la swali hili limo katika daftari ya hesabu kuliko katika bidii ya mtu, nami nitalitafuta katika mradi ambao aghalabu ya wafanyakazi wetu huuanza, nao ni ufugaji wa kuku wa mayai. Tumfikirie karani wa hesabu mjini Morogoro, mwenye kiwanja cha kutosha na nia ya kufuga kuku 200.

Jambo la kwanza la kulitazama ni saa. Kuku hutaga zaidi asubuhi hadi kukaribia adhuhuri, yaani wakati uleule ambao karani yuko mezani pake kazini. Na mayai yakiachwa bandani mpaka jioni hukanyagwa, huchafuka na hupasuka, na kuku akishaonja yai lililopasuka hujifunza kula mayai, tabia ambayo ni taabu kuiondoa. Kwa hiyo mradi huu hauwezi kuendeshwa na mwajiriwa peke yake, hata akiamka alfajiri namna gani. Lazima awepo mtu wa kushinda pale nusu siku, naye alipwe ujira wake tangu siku ya kwanza.

Wiki tatu au nne za mwanzo zina uzito wa peke yake, kwa kuwa vifaranga hawana manyoya ya kuwahifadhi na huhitaji joto usiku na mchana. Wakijikusanya chini ya taa wanaona baridi, na wakitawanyika mbali nayo wakihema wamezidiwa na joto, na mwangalizi hana budi kuamka usiku kuwatazama. Sheria ya ajira ya Tanzania humpa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, muda ambao waoana vema na ule wa kulea vifaranga. Basi karani mwenye busara huagiza vifaranga wake wafike siku likizo yake inapoanza, asije akawapokea katikati ya mwezi wa kufunga hesabu, akasinzia mbele ya vitabu vya mwajiri wake.

Jambo la pili ni miezi ya ukame. Kuku huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 20, na kabla ya hapo amekwisha kula yapata kilo 8 za chakula bila ya kurudisha hata yai moja. Tukadirie kilo ya chakula kwa shilingi 1,200, kifaranga kwa 3,500, na ujira wa msaidizi kwa 150,000 kila mwezi, kila msikilizaji akiziweka bei za soko lake mahali pa hizi zangu. Chakula cha kuku 200 hugharimu 1,920,000, vifaranga 700,000, na msaidizi kwa miezi mitano 750,000. Jumla ni 3,370,000, na banda, chanjo na dawa havijahesabiwa. Fedha hizo ziwe zimekwisha wekwa akiba kabla ya kifaranga wa kwanza kuingia. Mwenye kuanza na nusu yake, kwa kutumaini kwamba mshahara utajaza pengo mwezi kwa mwezi, hujikuta mwezi wa nne akiomba karadha kazini, akipunguza chakula cha kuku, na kwa kupunguza huko akichelewesha utagaji ambao ndio ungemwokoa.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kiini cha maneno yangu, ni namna ya kuijua faida ya kweli. Kuku mtagaji hula kama gramu 120 kwa siku, na kwa hiyo kuku 200 hula kilo 24, yaani shilingi 864,000 kwa mwezi wa siku 30. Wakitaga mayai 165 kwa siku, karani atapata trei 165 kwa mwezi, kwa maana trei hubeba mayai 30. Na kila trei ikiuzwa 8,000, mapato ni 1,320,000. Akitoa chakula, na 50,000 za dawa, umeme na maranda ya kutandika, huona mkononi 406,000, na hapo ndipo wengi hudanganyika, wakaanza kuwaza kuacha kazi au kukopa ili waongeze kuku. Lakini bado hajatoa ujira wa msaidizi, wala hajatenga kama 100,000 kila mwezi za kujaliza, juu ya bei ya kuku wazee watakaouzwa, gharama ya kununua na kulea kundi jipya, kundi hili litakapochoka baada ya mwaka na ushei wa kutaga. Vikitolewa hivyo viwili, husalia 156,000. Hiyo ndiyo faida. Salio lile lingine lilikuwa ama jasho la mtu asiyelipwa, ama kuku wa mwakani wanaoliwa mwaka huu.

Hesabu hiyohiyo yampa karani kipimo kimoja cha kukitazama kila jioni: kwa bei hizi mradi hauna faida wala hasara kuku wakitaga yapata mayai 146 kwa siku. Wakishuka chini ya hapo wiki nzima, atafute sababu upesi, iwe ni chakula kilichopungukiwa chokaa, mwanga uliofupika, kunyonyoka manyoya, au maradhi kama mdondo, ambao chanjo yake hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi.

Limebaki la uaminifu. Karani asome mkataba wake, na palipo na sharti la kutoa taarifa, aandike barua kabla ya kuanza. Asiwauzie mayai walio chini ya amri yake, wasioweza kukataa. Na kamwe asimuuzie mfanyabiashara ambaye hati zake za malipo hupitia mkononi mwake, kwani trei inayonunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya sokoni ni rushwa iliyovikwa nguo ya biashara.

Nami namshauri kila anayekusudia mradi ajaribu hivi: aweke ujira kwa kila saa ambayo mradi utahitaji, hata saa zake mwenyewe za alfajiri, kisha aone kama faida ingalipo. Ikiwapo, anaweza kumwajiri mwingine wakati wowote kazi ya ofisi inapozidi, na ajira yake haitadhurika. Ikitoweka, basi faida ile ilikuwa saa zake zilizokosa kulipwa, na saa hizo zitatoka ama katika usingizi wake, ama katika haki ya mwajiri wake; mradi wa namna hiyo, licha ya fedha unazoonyesha, na auache kabla haujaanza.