Soma Karatasi ya Mkopo Kabla ya Kulia

Nichukue mfano wa fundi wa cherehani hapa Nakivale. Alikopa shilingi 2,000,000 Mbarara, akanunua mashine mbili. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi, miaka mitatu, rejesho 91,608 kila mwezi. Mwaka mmoja hakukosa hata mara moja: alikuwa ametoa 1,099,296. Akaenda kumaliza deni, akijua limebaki kama laki tisa. Wakamwambia 1,551,419. Alirudi akisema, “Wameniibia!”

Hakuibiwa. Karatasi aliyopewa siku ya kwanza ilikuwa imesema yote, ila aliikunja akaiweka sandukuni.

Fungua yako. Utaona safu nne: rejesho, riba, sehemu inayopunguza deni, na salio. Anza kwenye salio. Kila mwezi riba inahesabiwa juu ya salio ambalo bado uko nalo mkononi. Mwezi wa kwanza fundi alikuwa na milioni mbili nzima, na asilimia 3 yake ni 60,000. Toa hiyo kwenye 91,608: zinabaki 31,608 tu za kupunguza deni. Mwezi wa pili salio ni 1,968,392, kwa hiyo riba inashuka kuwa 59,052, na deni linapungua 32,556. Rejesho ni lile lile. Kinachobadilika ni mgawanyo wake.

Ndiyo maana mwanzo riba inakula zaidi: deni bado ni kubwa. Kwa mkopo huu, ni mwezi wa 14 ndipo sehemu ya deni inaipita riba. Mwezi wa mwisho riba ni kama 2,700 tu.

Sasa ujue pa kuangalia. Kama safu ya riba haishuki, imesimama 60,000 mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, huo ni mkopo wa namna nyingine: riba inahesabiwa juu ya pesa uliyopokea mwanzoni, hata kama umesharudisha nusu. Asilimia ni ile ile 3, lakini rejesho linakuwa kama 115,556. Usiulize asilimia peke yake. Uliza inahesabiwa juu ya nini.

Na ukipata pesa ya ziada, ipeleke mapema. Fundi angepeleka 200,000 pamoja na rejesho la kwanza, riba ya mwezi wa pili ingepungua kwa 6,000, na hizo 6,000 zingekwenda kupunguza deni. Mwezi wa 30 pesa ile ile isingemsaidia sana, maana riba karibu yote ameshalipa. Lakini sema wazi: “Hii ipunguze deni lenyewe, isiwekwe kama rejesho la mwezi ujao.” Uliza pia kama kuna adhabu ya kulipa mapema. Kisha usiondoke pale dirishani bila karatasi mpya yenye salio jipya.

Mkopo ulio nao nyumbani, leo jioni itoe karatasi yake sandukuni, uweke kidole kwenye safu ya riba, ushuke nayo mpaka chini.