Kufupisha Maandishi ya Webina Ndefu Kuwa Waraka wa Ukurasa Mmoja



Webina ya saa moja na nusu, ikinukuliwa neno kwa neno, huzaa maandishi ya maneno 10,000 hivi, ilhali ukurasa mmoja wa A4 haubebi zaidi ya maneno 400 au 500 pasipo kuyaudhi macho ya msomaji. Wako waandishi ambao, wakiona maneno yamezidi, hupunguza ukubwa wa herufi na kuvuta pambizo mpaka karatasi ijae kama daftari la deni. Hao wamefupisha karatasi, hawakufupisha habari. Na anayeishika kazi hii kwa kukatakata sentensi moja baada ya moja, tangu mwanzo kwenda mwisho, atafika ukingoni mwa ukurasa wake na wasemaji bado wako katika salamu.

Asili ya taksiri hiyo ni kufuata mwendo wa saa. Mazungumzo yana utaratibu wake: mtu hutaja jambo dakika ya kumi, hulirudia dakika ya arobaini kwa namna nyingine, kisha hulisahihisha katika maswali ya mwisho, wakati nusu ya wasikilizaji wamekwisha kuondoka. Mkurugenzi atakayeusoma waraka hana haja ya kujua nani alitangulia kusema nini. Haja yake ni kujua lipi limewekwa mezani alikatie shauri. Kwa hiyo, kabla ya kusoma hata ukurasa wa kwanza wa maandishi, mwandishi shurti ajue waraka unakwenda kwa nani, na kwamba huyo ana mamlaka ya kuidhinisha nini.

Natuchukue mfano. Chukulieni chama cha akiba na mikopo katika Kenya, ambacho ofisa wake amehudhuria webina juu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hasa kifungu cha 43, kisemacho la kufanya pindi data za watu zinapofikiwa na asiye na idhini. Ofisa ameagizwa kuwapelekea wajumbe wa bodi ukurasa mmoja. Katikati ya maandishi yake anakuta maneno haya ya wakili:

«Sasa, kama nilivyosema, eeh, ile taarifa kwa Kamishna ni saa sabini na mbili, ndiyo, lakini tuelewane hapo, si kila kitu kikitokea tu, lazima pawe na hatari ya kweli kwamba mwenye data atadhurika, na hizo saa mnazihesabu tangu pale mlipojua, si tangu mwizi alipoingia.»

Mwandishi mwenye haraka huandika hivi: «Kila uvujaji wa data uripotiwe ndani ya saa 72.» Sentensi ni fupi, ni safi, na ni ya uwongo. Sharti la hatari ya kweli limeanguka, na mwanzo wa kuhesabu umeanguka pamoja nalo. Bodi itakayoifuata ama itamjaza Kamishna taarifa zisizo na maana, ama itaamini kuwa muda umekwisha kupita kwa sababu wizi ulitokea juma lililopita, ingawa umegunduliwa leo asubuhi. Ufupisho ulio mwaminifu huwa hivi: «Data ikifikiwa na asiye na idhini, na pakawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenye data, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu chama kilipojua.» Maneno ya wakili yamepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na hakuna sharti lililopotea. Kupoteza mada nzima si hatari kubwa, maana msomaji ataweza kuuliza. Lakini sharti likipotea ndani ya sentensi iliyokamilika, hapana atakayeuliza.

Kwa sababu hiyo nawashauri, mnapopitia maandishi mara ya kwanza, msipige mstari chini ya maneno mazuri. Pigeni mstari chini ya «lakini», «isipokuwa», «ikiwa», na «pale inapowezekana», na pembeni andikeni dakika lilipotamkwa. Katika mfano wetu, dakika ya sabini, mtu mmoja anauliza juu ya kampuni inayotunza kumbukumbu za wanachama kwa niaba ya chama. Wakili anajibu kwamba kampuni hiyo ikijulishe chama bila kukawia, na pale inapowezekana ndani ya saa 48. Jibu hilo la nusu dakika ndilo lenye uzito kuliko mengine yote kwa bodi hii, maana «pale inapowezekana» ni mlango ambao kampuni yaweza kutokea, na bodi ina uwezo wa kuufunga kwa kutia muda usio na udhuru katika mkataba. Basi jambo hilo huondoka mkiani mwa mazungumzo na kupanda juu kabisa ya waraka: «Bodi inaombwa kuidhinisha marekebisho ya mkataba wa utunzaji wa kumbukumbu, ili kampuni itujulishe ndani ya saa 24 baada ya kugundua uvujaji.» Saa 24 hazikutamkwa na msemaji yeyote, ni pendekezo la ofisi, na waraka useme waziwazi kuwa ni pendekezo la ofisi, lisidhaniwe kuwa ni hukumu ya sheria.

Tarakimu zinataka uangalifu wa peke yake. Maandishi yatolewayo na mitambo husikia vibaya, na wasemaji nao husema vibaya. Mtu aliyezoea sheria ya Ulaya, ambako faini kubwa kabisa ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka, kiasi kilicho kikubwa, aweza bila kukusudia kusema vivyo hivyo juu ya Kenya. Sheria ya Kenya yasema kinyume: shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Taasisi yenye mapato ya shilingi milioni 300 mwisho wake ni milioni 3, wala si 5. Kwa hiyo kila tarakimu isikilizwe tena katika sauti yenyewe, kisha ilinganishwe na matini ya sheria. Na ikitofautiana na kauli ya msemaji, waraka ufuate sheria.

Kuhusu slaidi nitasema machache. Kila mahali msemaji aliposema «kama mnavyoona hapa», maandishi yana pengo, na pengo hilo hujazwa kwa slaidi yenyewe, si kwa kubahatisha.

Waraka ukiisha, mpeni mwenzenu ambaye hakuhudhuria, kisha mwambieni aufunike na aeleze nani atakiwa kufanya nini, lini, na nini kitatukia tusipofanya. Akijibu kwamba ulinzi wa data ni jambo zito, rudini mezani, kwa maana amepata mada na kukosa shauri.

Walakini ziko webina zisizokubali ukurasa mmoja. Wanasheria wawili wakihitilafiana juu ya maana ya «hatari ya kweli», na uamuzi wa bodi ukawa unategemea hitilafu hiyo, mwandishi hana mamlaka ya kumchagua mmoja wao kwa kumnyamazisha mwingine. Hapo aandike kauli zote mbili kwa sentensi moja moja, ataje dakika zilipotamkwa, na aombe shauri la mwanasheria wa chama kabla ya kikao.