Pesa za Mheshimiwa Hutoka Mfuko Gani?

(Mazungumzo mbele ya wawakilishi wa vikundi vya akina mama na vijana)



Leo nataka tuongee juu ya harambee. Nyinyi mnaijua kuliko mimi. Mwaka wa 1963 Mzee Kenyatta aliifanya kuwa wito wa taifa: wananchi wajenge, serikali ilete walimu na dawa. Shule nyingi sana zilijengwa hivyo. Lakini ndani ya harambee hiyo hiyo uliingia utawala wa mkubwa, yaani ule ambao ofisi ni ya serikali lakini huduma hutoka kama zawadi ya mtu.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha akina mama kinataka zahanati. Kwa mwaka mzima wamebeba mawe na mchanga, na wamechanga shilingi 40,000. Sasa wanaita mgeni wa heshima. Anafika na magari, anatoa shilingi 100,000 “kutoka kwangu na marafiki zangu.” Watu wanapiga makofi, na tangu siku hiyo zahanati ni ya mheshimiwa. Kazi ya akina mama haikutajwa kwa kipaza sauti.

Swali ni hili: hao marafiki ni akina nani? Mara nyingi alikuwa mwanakandarasi anayetafuta tenda, au mkubwa wa shirika la serikali anayeogopa kufutwa. Zaidi ya hayo, tangu ripoti ya tume ya Ndegwa ya 1971, watumishi wa serikali waliruhusiwa kuwa na biashara zao. Basi ikawa vigumu kujua mfuko wa ofisi unaishia wapi na wa mtu unaanzia wapi. Anayetoa 100,000 leo anarudishiwa kesho kwa kipande cha ardhi ya umma. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake 2004, ilionyesha kwamba ugawaji haramu wa ardhi ya umma uliongezeka karibu na uchaguzi wa vyama vingi. Kwa hivyo zawadi ile ilikuwa mali yenu, ikarudi kwenu kidogo, na mkaambiwa mshukuru.

Msidhani mheshimiwa mwenyewe alikuwa huru. Wakati wa Rais Moi, mawaziri na wakubwa wa mashirika walisikiliza taarifa ya habari ya saa saba mchana kwa wasiwasi, maana hapo ndipo mtu alipojua ameteuliwa au amefutwa. Hakuandikiwa barua kwanza. Cheo kilitolewa na mkubwa, kikachukuliwa na mkubwa, kwa hivyo kazi ya kwanza ikawa kumpendeza yeye. Mwaka wa 1988 wananchi walipiga foleni nyuma ya picha za wagombea wa KANU, na mahali pengine mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi. Kama kura yako haihesabiwi, mbunge atakuogopa kwa nini?

Huku chini ilikuwa vile vile. Chifu alikuwa mtumishi wa Ofisi ya Rais. Mahali pengi mchango ukageuka kodi: ukitaka barua ya chifu, kwanza onyesha risiti ya harambee. Asiye na pesa alichukuliwa kuku.

Je, yamekwisha? Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikataza afisa kutumia cheo chake kukusanya michango. Mwaka huo huo ikaundwa hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ipate angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Pesa zikawa wazi katika bajeti, na hilo ni jambo zuri. Lakini sheria hiyo ya kwanza ilimpa mbunge kazi ya kuunda kamati. Basi darasa la pesa za kodi likapakwa jina lake ukutani, na mzazi akaenda kuomba basari nyumbani kwake.

Mtajuaje, basi? Ulizeni maneno matatu. Pesa hizi zimeandikwa katika bajeti gani? Nani aliweka sahihi, na nani mwingine anaweza kuziona hesabu? Na la tatu ndilo kubwa: huyu akishindwa uchaguzi, muuguzi na dawa zitaendelea kuja? Kama jibu ni hapana, basi mmepata kuta tu. Zahanati nyingi zilibaki na mabati bila muuguzi, kwa sababu aliyeahidi alianguka na ofisi haikuwa na andiko lolote.

Kwa hivyo kikundi kikiahidiwa kitu, katibu aombe barua kutoka wizarani au kaunti, yenye mhuri na nambari ya faili. Mheshimiwa akisema, “Mniamini mimi,” mwambieni kwa heshima: “Tunakuamini, mheshimiwa, lakini wewe utaondoka, faili itabaki.”

Sasa nasikiliza maswali yenu.