Pacha na Okello: Kadi za Nukta katika Kujumlisha, Gredi ya 1 na ya 2

Walimu wenzangu, naomba nianze na jibu lisilo sahihi. Niliwauliza watoto wangu wa Gredi ya 2 hapa Malaba: 6 + 7 ni ngapi? Msichana wa dawati la mbele akajibu upesi, 12. Zamani ningesema "si hivyo" na kumtazama mwingine. Siku hiyo nikamwuliza, "Umepataje, mama?" Akanionyesha vidole. Alikuwa ameanza kuhesabu na sita yenyewe: sita, saba, nane, tisa, hadi vidole vyake saba vikamwishia kwenye kumi na mbili. Jirani yake naye alikuwa na 12, ila yeye hakuhesabu chochote. Alijua kuwa sita na sita ni kumi na mbili, akasahau moja iliyosalia.

Jibu ni lile lile, lakini watoto hawa hawako mahali pamoja. Wa kwanza bado anategemea vidole na hajui aanzie wapi. Wa pili amebakisha hatua moja tu. Daftari halitakuonyesha tofauti hiyo. Utaipata kwa kuuliza, au kwa kutazama midomo inayochezacheza na mikono iliyofichwa chini ya dawati.

Mada yangu inamhusu huyu wa pili, na jinsi ya kumfikisha wa kwanza alipo mwenzake. Njia yenyewe ni maradufu, yaani namba kujumlishwa na nafsi yake, na jirani wa maradufu, yaani namba mbili zinazopishana kwa moja. Darasani siyatumii maneno hayo. Nasema pacha. Nchi hii yetu ina akina Opio na Odongo wengi, Wasamia, Wateso na Waluo, na kila mtoto anajua kwamba anayezaliwa baada ya pacha ni Okello. Basi 6 + 6 ni pacha, na katika 6 + 7 ile nukta moja ya ziada ni Okello. Wenzetu wa kwa Waluhya wengine, wenye Mukhwana na Mulongo, watatumia majina yao. Jina la Okello lina faida ambayo sikuitarajia: Okello huja baada, kwa hiyo mtoto huongeza moja. Kabla ya hapo walikuwepo waliopata 11, kwa sababu walijua kuna moja ya kushughulikiwa lakini hawakujua iongezwe au itolewe.

Kadi zenyewe ni katoni. Katika soko la Busia hazikosekani, na zile ngumu za sabuni ndizo bora. Kata kipande cha upana wa daftari lililofunguliwa. Chora nukta kwa kuzungushia kizibo cha soda, uzijaze rangi nzito, maana nukta ya ncha ya kalamu haionekani nyuma ya darasa la watoto sitini. Kila kadi iwe na makundi mawili, kushoto na kulia, yaliyopangwa kwa sura moja. Kwa kadi ya 3 + 4, weka tatu wima kushoto na tatu wima kulia, zikitazamana, kisha nukta ya nne ichomoze chini upande wa kulia. Hiyo iache duara tupu bila rangi. Mtoto aone pacha kwanza, ndipo amwone Okello. Ukizitawanya nukta ovyo atazihesabu moja moja, na lawama ni ya kadi, si ya mtoto. Jicho la mtu, hata la mtu mzima, hutambua nukta tatu au nne kwa mara moja bila kuhesabu. Zaidi ya hapo linahitaji mpangilio.

Mchezo ni wa dakika tano kabla ya somo. Inua kadi, hesabu moyoni moja, mbili, kisha uifiche kifuani. Ukiishikilia muda mrefu watahesabu. Ukiishusha haraka mno watabahatisha. Mwenye jibu asipaze sauti wala kuinua mkono, aweke dole gumba kifuani. Sauti ya pamoja ni adui hapa: watoto kumi wanaojua huwafunika hamsini wasiojua, nawe unatoka umeridhika. Ukichagua mtoto, swali la kwanza ni "umeona ngapi?" na la pili, lililo zito zaidi, ni "umeonaje?" Ruhusu majibu mawili matatu tofauti, kisha kadi nyingine.

Kosa langu kubwa lilikuwa la mpangilio. Nilifundisha Okello wiki ile ile niliyoanza pacha. Mtoto aliyeulizwa 7 + 8 alihesabu saba na saba kwa vidole, akafika kumi na nne, kisha akaongeza moja. Alifanya kazi mara mbili ya yule aliyehesabu tu. Kanuni ya jirani haina faida mpaka pacha itoke mdomoni bila kuhesabiwa. Siku hizi Okello wa namba fulani haingii darasani hadi pacha wake wamezoeleka. 2 + 2 na 5 + 5 huzoeleka upesi, 5 + 5 kwa sababu ya viganja viwili. Zinazokwama ni 6 + 6, 7 + 7, 8 + 8 na 9 + 9.

Kwa hizo nne, msaada umekaa katika lugha ya nyumbani. Sita, saba na tisa za Kiswahili zimetoka Kiarabu na hazimwambii mtoto lolote kuhusu tano. Kiteso kinasema wazi. Tano ni akany, mbili ni aarei, na saba ni akanykaarei, tano na mbili. Tatu ni auni, nane ni akanykauni. Kwa hiyo kadi za namba hizi nazipanga hivyo hivyo: safu ya nukta tano juu, zilizobaki chini yake. Chukua 7 + 7. Safu mbili za juu ni kumi, itomon. Chini kuna mbili na mbili, nne. Kumi na nne. Weka Okello, 7 + 8, ni kumi na tano. Mtoto wa Kiteso aliyekuwa amekwama kwa wiki mbili alilitamka akanykaarei polepole, akasimama katikati ya neno, akacheka. Katika madarasa ya Busia mjini, ambako lugha zimechanganyika na wengi wetu tunafundisha kwa Kiswahili, viganja hufanya kazi hiyo: kiganja kizima na vidole viwili.

Mipaka yake ipo. Katika jedwali la 0 hadi 9 kuna majumlisho 100. Pacha ni 10, majirani ni 18 ukihesabu 6 + 7 na 7 + 6 kama mawili. Hayo ni 28. Wanaopishana kwa mbili, kama 6 + 8, wako 16, nao huenda kwa kumhamisha mmoja: nukta moja ya nane ivuke upande wa sita, zibaki saba na saba. Lifanyeni hilo kwa vizibo mezani kabla ya kulionyesha kwenye kadi; kwa macho tu wengi hawalioni. Lakini 9 + 5 si kazi ya pacha. Niliwahi kumwona mtoto akitafuta tano na tano, kisha akimtafuta Okello mara nne. Kwa 9 ni rahisi zaidi kumpa moja awe kumi, na hapo kadi za pacha zirudi sandukuni.