Thamani ya Hisa Ambayo Ukuaji Wake Unapungua Polepole



Hisa zilizo karibu nasi hapa Mbeya kwa jiografia ni chache. Ipo TOL, inayovuna hewa ya ukaa huku Rungwe, ambayo mwaka 1998 ilikuwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ipo MUCOBA, benki ya wananchi iliyozaliwa Mufindi. Hata hivyo, jioni hii nitazungumzia NMB, ambayo mawakala wake mnawaona Mwanjelwa na Mafinga. Njia ya kuthamini hisa ninayotaka kuwaeleza inadai jambo moja kwanza: kampuni iwe inalipa gawio kila mwaka, na gawio hilo liwe na mwenendo unaosomeka. Gawio likiwa sifuri, hesabu yote inakuwa sifuri, na sifuri hiyo haisemi lolote kuhusu thamani ya kampuni.

Tutazame gawio la NMB kwa hisa moja. Mwaka 2020 lilikuwa shilingi 137, mwaka 2021 shilingi 193, na mwaka 2022 shilingi 286. Mwaka 2023 likawa 361, na mwaka 2024 likafika 428.85. Gawio halijashuka hata mara moja, ila kasi ya kupanda kwake imepungua sana: asilimia 48 mwaka 2022, kisha 26, kisha 19. Kwa miaka hiyo yote benki imekuwa ikigawa takribani theluthi moja ya faida. Kwa hiyo kupungua huku hakutokani na mabadiliko ya sera ya gawio. Ni faida yenyewe inayokua kwa kasi ndogo zaidi, kama inavyotarajiwa kwa benki ambayo tayari ni kubwa: mteja mpya ni rahisi kumpata ukiwa na wateja wachache, na mikopo haiwezi kukua milele kwa kasi inayozidi uchumi unaoilipa.

Hisa ya namna hii tuithaminije? Kanuni ya kawaida ya ukuaji usiobadilika haitufai, maana ukuaji wa asilimia 19 hauwezi kudumu. Wengi hukimbilia kanuni ya hatua mbili: asilimia 19 kwa miaka kumi, kisha ghafla asilimia 8. Hapo ukuaji unaporomoka kama gari linalotoka Iringa na kuruka ukingo wa Kitonga badala ya kuzifuata kona zake. Mwaka 1984 Russell Fuller na Chi-Cheng Hsia walipendekeza kanuni inayozifuata kona. Inaitwa kanuni ya H:

```
V = D0 × [(1 + gL) + H × (gS − gL)] / (r − gL)
```

D0 ni gawio la mwisho lililotangazwa. gS ni ukuaji wa leo, na gL ni ukuaji wa muda mrefu ambao kampuni itatulia nao. r ni faida ambayo mwekezaji anaidai kwa mwaka. H ni nusu ya miaka ambayo ukuaji utachukua kushuka kutoka gS hadi gL. Ni nusu kwa sababu ukuaji unaoshuka kwa mstari ulionyooka huwa, kwa wastani, katikati ya mwanzo na mwisho. Ziada ya ukuaji inayoyeyuka polepole kwa miaka kumi ina uzito sawa na ziada kamili ya miaka mitano.

Sasa tuweke namba. D0 ni 428.85 na gS ni asilimia 19. Kwa gL nachukua asilimia 8, nikijumlisha ukuaji halisi wa uchumi wetu na mfumuko wa bei, kisha nikibaki chini kidogo ya jumla hiyo. Kwa r nachukua asilimia 18, kwa sababu mwaka 2024 hati fungani za serikali za muda mrefu zililipa takribani asilimia 15, na mwenye hisa anabeba hatari zaidi kuliko mwenye hati fungani. Kipindi cha kushuka ni miaka kumi, hivyo H ni 5.

Ndani ya mabano tunapata 1.08 jumlisha 0.55, yaani 1.63. Tukizidisha kwa 428.85 na kugawanya kwa 0.10, thamani ni takribani shilingi 6,990. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba inajigawa yenyewe: shilingi 4,632 ni thamani ya benki iliyokwisha kutulia, na shilingi 2,359 ni malipo ya ukuaji wa ziada uliobaki. Kanuni ya hatua mbili, kwa namba hizohizo, ingesema 9,533. Tofauti hiyo, inayozidi shilingi 2,500, inatokana na dhana moja tu: kwamba kasi ya leo itabaki vilevile kwa miaka kumi.

Lakini kanuni ya H ni ya makadirio, na ni lazima tuijue mipaka yake. Nimepiga hesabu ndefu, mwaka kwa mwaka, ukuaji ukishuka kwa pointi 1.1 za asilimia kila mwaka, nikapata shilingi 6,902. Kanuni imezidisha kwa shilingi 88 hivi, kosa dogo kuliko shaka yoyote tuliyo nayo kuhusu r.

Sasa rudini mwaka 2022, gawio likiwa 286 na ukuaji asilimia 48. Tukiacha mengine yote kama yalivyo, kanuni inatoa shilingi 8,809, hesabu ndefu inatoa takribani 12,480. Hapo kanuni imekosea kwa zaidi ya robo! Sababu ni hii. Kanuni fupi haihesabu ukuaji wa ziada unaojikuza juu ya ukuaji uliotangulia, wala haipunguzi thamani ya ziada inayochelewa kufika. Pengo kati ya gS na gL likiwa dogo, makosa haya mawili karibu yanafutana. Pengo likiwa pana, lile la kwanza linalimeza la pili. Kwa hiyo pengo likikaribia asilimia 20 au kuzidi, msiitegemee kanuni. Fungueni jedwali mpige hesabu ya kila mwaka.

Msidhani pia kwamba shilingi 12,480 ndiyo iliyokuwa thamani ya kweli. Namba hiyo ilidai ukuaji ushuke kwa pointi 4 tu za asilimia kila mwaka, nao ukashuka kwa pointi 22 katika mwaka uliofuata. Mstari ulionyooka ni dhana, na kipindi cha kushuka ni dhana pia. Tukisema miaka sita badala ya kumi, H inakuwa 3 na thamani ya leo inashuka hadi 6,047. Tukipandisha gL hadi asilimia 9, inapanda hadi 7,576. Anayewaletea thamani ya hisa bila kuwaonyesha namba hizi mbili amewanyima kilicho muhimu zaidi katika hesabu yake.

Ipo dosari nyingine ambayo wachambuzi wengi huipita. Kanuni inafanya kana kwamba benki itagawa theluthi ya faida daima. Benki inayopata asilimia 24 juu ya mtaji wa wanahisa inahitaji kubakiza theluthi moja tu ya faida ili ikue kwa asilimia 8. Ikifika huko inaweza kugawa theluthi mbili, yaani mara mbili ya inavyogawa leo. Hapo gawio lingeruka juu ya mstari wetu, na thamani tuliyoipata ingekuwa ndogo mno. Kwa upande mwingine, ikiwa ukuaji unapungua kwa sababu faida juu ya mtaji yenyewe inaporomoka, kwa mfano mikopo chechefu ikirudi kuongezeka, nafasi hiyo ya kugawa zaidi haitakuwepo. Kabla ya kuweka gL, someni kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili kinachotokea.

Kanuni inaweza pia kugeuzwa. Tuseme dalali anawauzia hisa hiyo kwa shilingi 6,000. Gawanyeni 428.85 kwa 6,000, zidisheni kwa 1.63, kisha ongezeni asilimia 8. Mnapata karibu asilimia 19.7, ambayo ndiyo faida ya mwaka iliyofichwa katika bei hiyo, iwapo dhana zetu zitatimia. Ilinganisheni na hati fungani, kisha amueni.

Kipimo cha dhana zetu hakiko mbali. Kwa mstari tuliouchora, gawio la mwaka 2025 lingekuwa takribani shilingi 508, na la mwaka 2026 takribani shilingi 596. Gawio likitangazwa, liwekeni kando ya namba hizo. Likipungua kidogo, fupisheni kipindi cha kushuka na mkokotoe upya. Likipungua sana, mjue ukuaji haukushuka kwa mstari, na thamani ya 6,990 haina tena msingi wa kusimamia.