Kikohozi Kinachopita Majuma Mawili
(Hotuba fupi ya redioni)



Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalojulikana katika kila nyumba ya mji wetu wa Kampala, nalo ni kikohozi. Si kila kikohozi ni cha kuogopwa. Mtu apatwapo na mafua hukohoa, lakini kikohozi chake hupungua siku baada ya siku, na juma la pili likiisha aghalabu huwa kimekwisha au ki njiani kwisha. Kile kisichopungua hata majuma mawili yakatimia, madaktari wa Uganda wanaagiza kipimwe, kwani huenda kikawa ni kifua kikuu, yale maradhi ambayo ndugu zetu Waganda huyaita akafuba. Mwenye virusi vya ukimwi, au aliyeona damu katika makohozi yake, yeye asingoje hata hayo majuma mawili.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Kisenyi. Juma la kwanza alisema ni vumbi la vitambaa. Juma la tatu akanunua dukani dawa ya maji ya kikohozi. Juma la tano akauziwa vidonge vya kuua vijidudu. Akapata nafuu siku chache, akamshukuru Mungu, akarudi kazini. Kikohozi kikarejea, tena kikiwa na homa za jioni, jasho la usiku, na nguo zake mwenyewe zikampwaya. Ile nafuu ndiyo iliyompoteza. Baadhi ya vidonge hivyo hukidhoofisha kiini cha kifua kikuu bila ya kukiua, na maradhi hujificha kwa muda.

Wakati wote huo fundi alikuwa akilala chumba kimoja na mkewe na watoto watatu, dirisha limefungwa. Kiini hiki hakipiti kwa kikombe, wala sahani, wala kwa kupeana mikono. Hupita kwa pumzi. Mgonjwa akohoapo, chembe ndogo zisizoonekana huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kisichopita upepo, na wengine wakazivuta.

Pengine mtu atauliza: kwa nini nipimwe, na daktari amekwisha kusikiliza kifua changu? Kwa sababu sikio haliwezi kukitambua kiini. Hata picha ya kifua huonyesha kivuli tu, wala haisemi kwa yakini kivuli hicho ni cha nini. Makohozi ndiyo shahidi. Nayo yawe makohozi hasa, si mate. Mgonjwa husukutua kinywa kwa maji, husimama nje penye hewa, huvuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha hukohoa kwa nguvu kutoka ndani ya kifua. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai chatosha. Anayepeleka mate huenda akaambiwa hana ugonjwa, naye anao.

Zamani makohozi yalitazamwa kwa hadubini peke yake, na viini vikiwa vichache havikuonekana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mashine inayotambua alama ya urithi ya kiini chenyewe. Na Kampala ilikuwa miongoni mwa miji iliyotumika kuijaribu. Hutoa jibu kwa muda wa kama saa mbili, na papo hapo hueleza ikiwa kiini kimezoea rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba hii. Katika vituo vya afya vya serikali kipimo hiki na dawa zake havilipiwi. Lakini jibu la kwamba hakuna kiini si mwisho wa shauri: kikohozi kikiendelea, rudi ukapimwe tena.

Fundi wetu alipopimwa, kiini kilionekana, nacho hakikuwa kimezoea dawa. Akapewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Tiba hii ya miezi sita ina asili katika nchi zetu wenyewe, kwani ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Uganda, Kenya na Tanzania, na matokeo yakatangazwa mwaka 1972. Baada ya majuma machache ya dawa, hatari ya kuwaambukiza wengine hupungua sana, na mgonjwa hujiona mzima. Hapo ndipo wengi huacha dawa, na viini vilivyobaki huinuka tena, pengine vikiwa sugu.

Mkewe na watoto waliitwa wapimwe pia. Mtoto mdogo, mwenye miaka mitatu, hakuwa na ugonjwa. Akapewa dawa ya kumkinga, kwa kuwa kwa watoto wa umri huo maradhi haya huweza kupanda hata kwenye ubongo upesi.

Basi, ndugu zangu, yule anayekohoa nyumbani mwenu, mhesabieni majuma. Yakitimia mawili, asiende tena dukani. Aende akapimwe makohozi.